Mwongozo kamili: Kuchagua kofia, kapelo na miwani ya jua kwa umbo la uso na urasmi wa vazi

Wasomaji wengi hukwama mahali pamoja. Wanasikia kwamba uso wa duara unafaa miwani yenye pembe, wananunua miwani yenye pembe, wanaivaa, na bado haiwakai. Kanuni yenyewe haina kasoro kubwa. Tatizo lilianza mapema zaidi: umbo la uso lilikisiwa kwa kutazama selfi, na upana wa uso haukupimwa kabisa.

Upana una nguvu kuliko umbo. Fremu ya umbo sahihi iliyo nyembamba kuliko uso itaufanya uso uonekane umevimba, na kofia ya mtindo sahihi yenye kichwa chembamba kuliko mifupa ya mashavu itaonekana imeazimwa kwa mtoto. Kwa hiyo hapa tunapima kwanza, tunaliacha vazi liondoe visivyofaa, kisha ndipo tunachagua. Usiruke hatua, kwa sababu kila moja inatumia namba za iliyotangulia.

Tutakwenda na mfano mmoja mpaka mwisho: mwanamume anayehudhuria sherehe ya mchana, nusu uwanjani na nusu ukumbini. Atavaa suti ya kijivu hafifu bila tai, viatu vya ngozi ya kahawia na mkanda wa rangi hiyo hiyo.

## Vitu vya kuandaa

- Kioo cha ukutani kinachofikia usawa wa uso
- Kipande cha sabuni kavu chenye ncha
- Rula na utepe wa kupimia wa fundi cherehani
- Kalamu na karatasi
- Simu, na mahali pa kuiegemeza kwa usawa wa macho
- Vazi lenyewe utakalovaa, pamoja na viatu

Kama una miwani inayokubana vizuri bila kuumiza, iweke karibu. Ina habari muhimu iliyoandikwa ndani ya mkono wake.

## Hatua ya 1: Chora uso wako kwenye kioo

Rudisha nywele nyuma, vua miwani, simama wima mbele ya kioo kwa umbali ambao mkono wako unafika ukiwa umekunjwa kidogo. Funga jicho moja. Bila kutikisa kichwa, fuata kwa sabuni mzingo wa uso unaouona: kuanzia mstari wa nywele, shuka kwenye mfupa wa shavu, pita pembe ya taya, zunguka kidevu, panda upande wa pili. Masikio usiyachore.

Jicho linafungwa kwa sababu kila jicho linaona taswira mahali tofauti kidogo kwenye kioo. Ukitumia yote mawili, mstari utahama katikati ya kazi na mchoro utatoka umepinda upande mmoja.

Usishtuke mchoro ukiwa mdogo. Ni nusu kamili ya ukubwa wa uso wako, na hubaki nusu hata ukisogea mbele au kurudi nyuma, mradi usisogee wakati unachora. Ndiyo sababu njia hii ni bora kuliko kuzungushia utepe usoni: utepe hufuata mviringo wa mashavu na kukupa upana ambao mtu anayekutazama hauoni.

Sasa pima kwa rula mistari minne kwenye mchoro, na kila kipimo ukizidishe kwa 2:

1. Upana wa paji, katikati ya nyusi na mstari wa nywele
2. Upana wa mashavu, mahali palipo papana zaidi chini ya kona za nje za macho
3. Upana wa taya, kutoka pembe moja hadi nyingine
4. Urefu, kutoka mstari wa nywele hadi ncha ya kidevu

Mwenye kipara au nywele zilizorudi nyuma aanzie pale paji linapoanza kulala kuelekea nyuma.

Mtu wetu wa mfano alipata hivi kwenye kioo: paji sm 6.3, mashavu sm 7, taya sm 6.2, urefu sm 8.5. Kwa hiyo uso wake halisi una paji la sm 12.6, mashavu ya sm 14, taya ya sm 12.4 na urefu wa sm 17.

Onyo: Usibadilishe hatua hii kwa selfi. Kamera iliyo karibu na uso hukuza kilicho mbele, yaani pua, na kurudisha nyuma pembeni, yaani masikio na taya. Uso wa duara hutoka mwembamba, na mwenye nao hununua vitu vya mtu mwingine.

Umefaulu ikiwa: Ukifuta na kuchora tena, namba zinarudi zilezile, au zinapishana kwa milimita 2 au 3 tu kwenye kioo.

## Hatua ya 2: Soma umbo kwa maswali mawili

Sahau majina kwa muda. Swali la kwanza: urefu unauzidi upana wa mashavu kwa kiasi gani? Gawanya urefu kwa upana. Kwa makadirio, jibu lililo chini ya 1.25 ni uso mfupi, la kuzunguka 1.3 hadi 1.4 ni uso wa wastani, na la 1.5 kwenda juu ni uso mrefu.

Swali la pili: upana uko wapi, na taya inageukaje? Hapa ndipo majina yanarudi. Uso mfupi wenye taya inayopinda taratibu ni duara. Uso mfupi wenye paji, mashavu na taya zinazokaribiana, na pembe ya taya inayoonekana wazi, ni mraba. Uso wa wastani wenye mashavu mapana kidogo kuliko paji na taya ni wa yai. Paji pana kuliko taya na kidevu chembamba ni uso wa moyo. Mashavu yakizidi sana paji na pia taya, huo ni wa almasi.

Mtu wetu: 17 gawanya kwa 14 ni kama 1.21. Ni uso mfupi, na taya yake haina kona. Ni duara, ingawa miaka yote alijiita wa yai.

Nyuso nyingi huangukia katikati ya maumbo mawili. Ikiwa hivyo, shika jibu la swali la kwanza. Kofia na miwani hufanya kazi zaidi kwenye uwiano wa urefu na upana kuliko kwenye kona za taya.

## Hatua ya 3: Pima kichwa kama kitakavyokuwa siku hiyo

Pitisha utepe katikati ya paji, sentimita moja hivi juu ya masikio, na nyuma pale kichwa kinapojitokeza zaidi. Uwe mlalo, usibane. Mtu wetu ana sm 58, ambayo kwenye kofia zenye namba za inchi huandikwa 7¼.

Mwenye misuko, rasta au afro apime akiwa na nywele zilivyo, si baada ya kuzilowesha wala kuzibana kwa nguvu. Tofauti inaweza kuwa saizi nzima. Kama nywele hukatika kirahisi, tafuta kofia yenye bitana laini ya satini, kwa sababu mkanda wa ndani wa pamba au sufu husugua mstari wa nywele kila unapoivaa na kuivua.

Ukiwa kati ya saizi mbili, chukua kubwa. Kofia kubwa hupunguzwa kwa kubandika ukanda wa sifongo nyuma ya mkanda wa ndani. Ndogo haina dawa ya uhakika: itaacha alama kwenye paji na kupanda juu yenyewe.

## Hatua ya 4: Liache vazi liondoe visivyofaa

Watu huanza na umbo la uso, wakapenda kitu, kisha wakalazimisha vazi likifuate. Geuza. Urasmi hufuta nusu ya rafu nzima kabla hujajaribu chochote.

Kwa kofia, urasmi unaonekana katika mambo matatu: ugumu, uso wa kitambaa na maandishi. Kinachosimama chenyewe bila kichwa ndani ni rasmi kuliko kinacholala. Kilicho laini na cha rangi moja ni rasmi kuliko chenye mshono mkubwa na mchoro. Nembo kubwa hushusha kitu chochote.

Kwa hiyo pama ya felti yenye rangi iliyokolea na utepe mwembamba inakwenda na suti nzito. Pama iliyosukwa kwa nyuzi laini inakwenda na suti nyepesi ya mchana. Bereti hukaa katikati, na hufuata koti kuliko kufuata suti. Kofia laini ya ukingo unaoshuka pande zote, kapelo ya kamba za plastiki nyuma na kofia ya sufu ya kuvuta hadi masikioni ni za vazi la kawaida.

Kapelo inahitaji neno zaidi, kwa kuwa ndiyo inayosumbua wengi. Kapelo na suti kamili havipatani, hata kapelo iwe ghali namna gani. Suti ina bega lililojengwa na kola yenye pembe, na ukingo wa mbele wa kapelo huvuta jicho kwenye mstari mmoja mbele ya uso huku nyuma kukiwa wazi. Lakini koti lisilo na bitana, fulana ya rangi moja na kapelo isiyo na nembo vinakubaliana vizuri. Mpaka uko kwenye kola: shati la kola ngumu lenye tai likiingia, kapelo itoke.

Kwa miwani, fremu nyembamba ya chuma au ya plastiki ya rangi nyeusi au kahawia, yenye lenzi ya kijivu, kahawia au kijani iliyokolea, hupanda hadi suti. Lenzi za kioo zinazoakisi, fremu zinazozunguka uso kama za wakimbiaji na rangi kali hubaki kwenye vazi la kawaida.

Mtu wetu anabaki na pama iliyosukwa, na miwani ya chuma au plastiki iliyotulia. Felti ameiacha kwa sababu suti yake ni hafifu na shughuli ni ya mchana.

## Hatua ya 5: Chagua kofia kwa kimo na ukingo

Kofia ina sehemu mbili zinazobadilisha uso. Kuba, yaani sehemu inayofunika kichwa, huongeza urefu. Ukingo huongeza upana. Mengine yote ni mapambo.

Uso mfupi unahitaji kuba ndefu kiasi na ukingo wa wastani. Uso mrefu unahitaji kinyume: kuba fupi, ukingo mpana, na kofia ivaliwe chini kidogo kwenye paji ili kufupisha kinachoonekana. Uso wa mraba hupoa kwa ukingo unaopinda na kuba ya mviringo. Uso wa moyo hukaa vema na ukingo wa wastani, kwa sababu ukingo mpana huzidisha paji ambalo tayari ni pana. Mwenye almasi aepuke kuba nyembamba juu ya mashavu yake. Wa yai ana uhuru mkubwa, na kwake saizi ndiyo kazi.

Namba za kushika: ukingo wa sm 3 hadi 4 ni mfupi, wa sm 5 hadi 6.5 ni wa wastani, wa sm 7 kwenda juu ni mpana. Kanuni isiyovunjika kwa umbo lolote ni kwamba kuba, ikitazamwa kutoka mbele, isiwe nyembamba kuliko mashavu, na ukingo usiyapite mabega.

Mtu wetu alijaribu tatu. Ya kwanza ilikuwa na kuba ya mviringo na ukingo wa sm 4. Mviringo juu ya mviringo: shavu likaonekana kubwa zaidi. Ya pili ilikuwa na ukingo wa sm 9, na ikamfanya mfupi mwili mzima, kana kwamba amebonyezwa kutoka juu. Ya tatu ilikuwa na kuba ya sm 11.5 iliyobonyezwa mbele pande mbili na ukingo wa sm 6. Mikunjo ile miwili mbele huchora mistari inayopanda, na jicho la mtazamaji hupanda nayo. Ndiyo aliyochukua, yenye utepe wa kahawia uliokaribia rangi ya viatu.

Kwa kapelo, kanuni ni ileile. Uso mfupi uchukue yenye paneli za mbele zilizotiwa kitambaa kigumu, zinazosimama na kuongeza kimo, na ukingo uliopinda. Uso mrefu uchukue laini, inayofuata kichwa.

Onyo: Pama iliyosukwa usiinyanyue kwa kubana ile mikunjo ya mbele. Hapo ndipo nyuzi hukatika kwanza. Ishike kwenye ukingo, mbele na nyuma.

Umefaulu ikiwa: Kidole kimoja kinaingia kati ya mkanda wa ndani na paji, ukingo uko juu ya nyusi kwa upana wa kidole kimoja hadi viwili, masikio hayajakunjwa, na ukiinamisha kichwa polepole kofia haidondoki.

## Hatua ya 6: Chagua miwani kwa upana, kisha pua, kisha umbo

Tazama ndani ya mkono wa miwani. Utakuta namba tatu, kwa mfano 54-18-145. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja kwa milimita, ya pili ni daraja la pua, ya tatu ni urefu wa mkono. Upana wa fremu nzima unaukadiria kwa kuzidisha lenzi kwa 2, kuongeza daraja, kisha kuongeza milimita 10 hadi 12 za pembeni. Hapa ni 54 mara 2, ni 108, ongeza 18, ni 126. Ukiweka pembe inafika kama milimita 137.

Linganisha na upana wa mashavu yako. Mtu wetu ana milimita 140, na fremu ya 137 inamfaa. Tofauti ya milimita chache si kitu. Ikizidi milimita 6 au 7 chini, mikono itapanuka kwa nje na kuminya panda za uso. Ikizidi hapo juu, miwani itashuka kila unapoinama.

Pua ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Fremu nyingi za plastiki huchongwa kwa daraja la pua lililoinuka. Kama pua yako ni bapa kati ya macho, fremu hiyo itateleza, itakaa mashavuni, na kila ukicheka itainuka pamoja na mashavu. Watu huilaumu saizi, wakanunua ndogo, na tatizo likabaki. Dawa ni fremu yenye vijipedi vya pua vya kurekebisha, vilivyoshikwa na waya mwembamba. Fundi wa miwani huvisogeza karibu kwa dakika chache na fremu ikapanda mahali pake.

Umbo sasa. Uso wenye mipindo hupata mipaka kwa fremu yenye kona, pana kuliko kimo chake. Uso wenye kona hupoa kwa fremu ya duara au yai. Uso mrefu huvunjwa na lenzi zenye kimo kikubwa. Uso wa moyo unataka fremu yenye uzito chini au chuma chepesi, isiyo nzito juu.

Mtu wetu alipenda fremu ya kona nne yenye lenzi za kimo cha milimita 50. Mbele ya kioo ilikuwa nzuri hadi alipotabasamu: ukingo wa chini uligusa mashavu na fremu yote ikaruka. Akashuka hadi lenzi ya kimo cha milimita 40, kona zilezile, rangi ya kahawia, vijipedi vya pua. Tabasamu halikuisogeza.

Kinga ya macho haitegemei weusi wa lenzi. Tafuta maandishi UV400, maana yake lenzi huzuia miale ya jua isiyoonekana hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400. Lenzi nyeusi isiyo na kinga inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kitu, kwa sababu giza hupanua mboni na miale ikaingia kwa wingi. Tazama pia daraja la giza, 0 hadi 4. La 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga na linatosha jua kali. La 4 usiendeshe nalo gari. Na hata la 3 ni giza mno ndani ya ukumbi, basi beba kasha.

Umefaulu ikiwa: Macho yako yako karibu na katikati ya lenzi, ukingo wa juu unafuata nyusi bila kuzificha zote, kope hazigusi lenzi, na ukitabasamu hakuna kinachosogea.

## Hatua ya 7: Vivae pamoja na vazi lote

Kofia na miwani zilizofaa kila moja peke yake zinaweza kugombana. Mikono minene ya miwani huingia chini ya mkanda wa kofia na kuminya panda za uso. Baada ya saa moja kichwa kinauma na hujui kwa nini. Vaa kofia kwanza, kisha ingiza miwani chini ya mkanda. Ikibana, tafuta mikono myembamba. Usichukue kofia kubwa zaidi kwa sababu hiyo, maana utaivaa pia bila miwani.

Angalia nafasi kati ya ukingo wa kofia na juu ya fremu. Lazima ngozi ya paji ionekane, hata kidogo. Vikigusana, uso hugeuka kuwa nusu ya chini tu: pua, mdomo na kidevu, na uso wa duara ndio unaoumia zaidi hapo.

Kimoja kiwe na sauti, kingine kinyamaze. Pama yenye utepe unaoonekana inataka fremu tulivu. Fremu nzito nyeusi inataka kofia isiyo na pambo. Bawaba za fremu zikiwa za dhahabu, saa na kifungo cha mkanda visiwe vya fedha. Watu hawatataja tofauti hiyo, ila wataona kitu hakijatulia.

Sasa iegemeze simu mita 2 mbali kwa usawa wa macho na ujipige picha ya mwili mzima, moja mbele na moja pembeni. Pembeni ndipo utaona kama kofia imeegemea nyuma na kufungua paji lote, kosa linaloharibu kofia nzuri kuliko saizi mbaya.

Picha ya kwanza ya mtu wetu ilionyesha kivuli cha ukingo kikikata lenzi katikati. Aliinua mbele ya kofia kwa upana wa nusu kidole na kuilaza kulia kidogo. Kivuli kikapanda juu ya fremu, paji likaonekana, na mstari wa mlalo wa ukingo, ambao ulikuwa unasisitiza upana wa mashavu, ukawa wa mshazari.

Siku ya kupumzika, na jeans na fulana ya rangi moja, anaivaa miwani ileile na kapelo ya paneli ngumu. Pama inabaki nyumbani, juu chini, ikikalia kuba yake ili ukingo usilale.